Umegusa farasi asiyeweza kucheza: Namna ya kumwandikia mwamuzi wa chesi kupinga uamuzi

Katika mchezo wa chesi, ambao wengine wanauita sataranji, kuna kanuni moja inayozua mabishano katika mashindano ya shule kuliko nyingine zote: ukigusa kete yako, umeicheza. Wanafunzi wa Lingeka na maeneo mengine ya Bariadi hawaioni ngeni, kwa sababu wamekua wakiona wazee wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mti. Hapo nako mtu akishika kete na kutaka kuirudisha, kelele zake husikika hadi barabarani.

Tofauti ni kwamba chini ya mti ugomvi humalizwa na mwenye sauti kubwa. Kwenye mashindano kuna mwamuzi, kuna kanuni zilizoandikwa, na mchezaji asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa. Mara nyingi rufaa hiyo huwa barua ya ukurasa mmoja, na huandikwa na mwalimu na mwanafunzi wakati hasira bado zimepanda. Barua ya namna hiyo mara nyingi hushindwa, hata pale ambapo mwanafunzi alikuwa na haki.

Katika makala haya tunaeleza kanuni inasema nini hasa, mwamuzi anaweza kuikosea wapi, na barua iandikwe vipi. Tutatumia mfano mmoja wa mechi ya shule tulioutunga kwa ajili ya kufundishia. Tumeuweka Lingeka ili msomaji wetu auone kama jambo la nyumbani, lakini hauihusu shule wala mwamuzi yeyote. Kanuni tunazozitaja ni za kweli. Ni kanuni za Shirikisho la Chesi Duniani, FIDE, toleo lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023.

Kanuni yenyewe inasemaje?

Suala la kugusa kete limewekwa katika kifungu cha 4. Watu wengi wanakijua kipande chake kimoja tu, kwamba ukigusa umecheza. Kifungu chenyewe kina hatua kadhaa, na kila hatua ina sharti lake.

Kwanza, kanuni inamhusu mchezaji ambaye zamu ni yake, na kugusa kwenyewe kuwe kwa nia ya kuchezesha au kula. Mkono wa shati ukiangusha askari wakati mchezaji anafikia saa, hilo ni tukio la bahati mbaya na halimfungi. Lakini kanuni inaongeza kwamba mguso wowote ambao si wa bahati mbaya iliyo wazi huhesabiwa kuwa ni wa nia. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshika kete kwa vidole viwili akaiinua hawezi kusema hakukusudia.

Pili, mchezaji anaruhusiwa kuweka sawa kete iliyokaa vibaya, kwa sharti kwamba zamu ni yake na ametangaza nia yake kabla ya kugusa. Neno "narekebisha" linatosha. Likitamkwa baada ya kidole kufika kwenye kete, limechelewa. Wakubwa pia limewakuta. Mwaka 2016 mjini Moscow, katika mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Hikaru Nakamura wa Marekani alimgusa mfalme wake akicheza na Levon Aronian wa Armenia, kisha akajaribu kusema kwamba alikuwa anarekebisha tu. Aronian alipinga, mwamuzi akaitwa, na Nakamura akalazimika kumchezesha mfalme. Hatua hiyo ilimgharimu mchezo.

Tatu, na hapa ndipo mfano wetu utakapotua, kanuni haisemi kwamba mchezaji lazima acheze kete aliyoigusa kwa vyovyote vile. Inasema lazima acheze kete ya kwanza aliyoigusa *ambayo inaweza kuchezwa*. Kisha kifungu cha 4.5 kinamalizia: ikiwa hakuna hata kete moja kati ya zilizoguswa inayoweza kuchezwa au kuliwa kihalali, mchezaji yuko huru kufanya hatua yoyote halali.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Waalimu wengi wanaosimamia mechi za shule walifundishwa kanuni kwa mdomo, na kwa mdomo hufika nusu tu.

Mfano: ubao namba 4

Tuseme ni raundi ya tatu ya mashindano ya shule, wachezaji wamepewa dakika 25 kila mmoja. Malkia wote wawili wameshatoka. Weupe wana mfalme g1, ngome d1, askofu b3, farasi b1, na askari sita: a2, b2, c2, d3, g2 na h2. Weusi wana mfalme g8, ngome a8, farasi g4, na askari sita: a7, b7, c7, f7, g7 na h7. Askofu wao yuko e7, na ni zamu yao.

Weusi wanamsogeza askofu kutoka e7 hadi c5. Njia ya mshazari kutoka c5 kupita d4, e3 na f2 hadi g1 ni tupu, kwa hiyo mfalme mweupe amewekwa cheki. Mchezaji mweusi hatamki neno "cheki". Kanuni haimlazimishi kutamka.

Mchezaji mweupe hakuiona cheki. Alikuwa amekwishapanga kumtoa farasi wake, akamshika pale b1 na kumwinua. Mpinzani akasema: "Una cheki, na umeshagusa farasi." Saa ikasimamishwa, mwamuzi akaitwa.

Mpaka hapo hakuna ubishi juu ya tukio. Wote wawili wanakubali kwamba farasi aliguswa, na kwamba aliguswa kwa nia ya kuchezwa. Swali lililobaki ni la kanuni tu. Farasi wa b1 anaweza kwenda a3, c3 au d2. Hakuna hata mraba mmoja kati ya hiyo unaoziba njia ya askofu, wala hawezi kumla askofu mwenyewe. Kwa maneno mengine, farasi huyo hana hatua halali hata moja.

Mwamuzi anaamua hivi: "Umegusa kete isiyoweza kuondoa cheki, kwa hiyo lazima umchezeshe mfalme."

Uamuzi huo unasikika kama una busara, na ni kosa la kawaida. Katika kanuni nzima hakuna mahali panaposema kwamba aliyegusa kete isiyofaa akiwa na cheki anaadhibiwa kwa kumchezesha mfalme. Mfalme hakuguswa. Kwa kifungu cha 4.5, mchezaji mweupe alikuwa huru kufanya hatua yoyote halali, na hatua hizo zilikuwa tatu: mfalme kwenda f1, mfalme kwenda h1, au askari wa d3 kusogea d4 na kuziba njia.

Kwa nini tofauti hiyo ni kubwa?

Msomaji anaweza kuuliza kama kuna haja ya kuandika barua kwa sababu ya hatua moja. Tuzipitie hizo hatua tatu.

Mfalme akienda h1, farasi mweusi anaruka f2 na kutoa cheki huku akiitishia ngome ya d1. Mfalme hana budi kurudi g1, na ngome inaliwa. Mfalme akienda f1, farasi yuleyule anaruka e3, tena ni cheki, na tena ngome ya d1 iko mdomoni mwake. Hapo weupe watamla farasi baada ya ngome kuliwa, lakini bado wamepoteza ngome kwa farasi, biashara ya hasara. Popote mfalme anapokwenda, ngome inaondoka.

Askari akisogea d4, picha inageuka kabisa. Cheki imezibwa, askari analindwa na ngome iliyo nyuma yake, na sasa ni yeye anayemtishia askofu wa c5. Weusi wakimla askari kwa askofu, ngome inamla askofu. Mchezo unaendelea, na weupe wako salama.

Kwa hiyo uamuzi wa mwamuzi ulimfungia mchezaji mlango wa pekee uliokuwa wazi. Hili ni jambo ambalo barua inapaswa kulionyesha, kwa sababu kamati ya rufaa ina haki ya kuuliza: hata kama mwamuzi alikosea, kosa hilo lilibadilisha nini?

Kabla ya barua: dakika tano za kwanza

Barua nzuri huanza kuandikwa ubaoni, wakati saa bado imesimama. Mchezaji anaruhusiwa kusimamisha saa ili amwite mwamuzi, na ana haki ya kumwomba mwamuzi amweleze kipengele fulani cha kanuni. Mwanafunzi anaweza kusema kwa adabu: "Mwalimu, naomba tuangalie kifungu cha 4.5." Mara nyingi jambo huishia hapo. Mwamuzi anafungua kitabu, anasoma, anabadilisha uamuzi, na mchezo unaendelea bila karatasi yoyote.

Mwamuzi akishikilia uamuzi wake, mwanafunzi atamke mbele ya mpinzani kwamba anaendelea kucheza lakini atakata rufaa. Pia amwombe mwamuzi aandike hali ya ubao: kila kete iko wapi, zamu ni ya nani, na saa inasoma nini kila upande. Hili ni muhimu sana katika mechi za shule, kwa sababu katika michezo ya muda mfupi kama huo wachezaji hawalazimiki kuandika hatua zao. Bila karatasi ya hatua, na bila hali ya ubao kuandikwa, nusu saa baadaye kila mtu atakumbuka ubao wake.

Mwalimu aliyesimama pembeni naye ana mipaka. Mtazamaji haruhusiwi kuingilia mchezo. Akiona kasoro, anaweza kumweleza mwamuzi peke yake. Mwalimu anayepaza sauti kutoka dirishani "Zuia kwa askari!" ameiharibu kesi ya mwanafunzi wake, maana tangu hapo mpinzani atasema kwamba hatua ya d4 ilitoka nje ya ubao.

Kuna sharti jingine la wakati, na linamhusu upande wa pili. Anayetaka kulalamika kwamba mpinzani amevunja kanuni ya kugusa lazima aseme kabla yeye mwenyewe hajagusa kete kwa nia ya kucheza. Akishagusa, haki hiyo imekwisha. Kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha mwaka 1994 mjini Linares, Hispania. Garry Kasparov alimweka farasi wake c5, akamwachia kwa sehemu ya sekunde, kisha akamhamishia f8. Mpinzani wake, Judit Polgar wa Hungaria, wakati huo akiwa na miaka 17, hakulalamika papo hapo. Baadaye mkanda wa video ulionyesha kwamba vidole vya Kasparov vilikuwa vimeachia kete. Lakini mchezo ulikuwa umeendelea, na Kasparov alishinda. Ukweli ulijulikana, matokeo hayakubadilika.

Kwa mwandishi wa barua somo ni hili: jambo la kwanza la kuangalia ni lini lalamiko lilitolewa. Ikiwa mpinzani alilalamika kwamba mwanafunzi wako aligusa, lakini alilalamika baada ya kujibu hatua, hiyo peke yake yaweza kuwa hoja yako yote.

Chagua hoja moja

Ugomvi wa kugusa kete huwa wa aina mbili. Aina ya kwanza ni ubishi wa tukio: aligusa au hakugusa, alisema "narekebisha" au hakusema, aligusa ipi kwanza. Aina ya pili ni ubishi wa kanuni: sote tunakubali kilichotokea, lakini kanuni inatoa jibu tofauti na lile la mwamuzi.

Aina ya kwanza ni ngumu kuishinda kwa barua. Mwamuzi alikuwepo au alisikiliza mashahidi, na kamati haikuwepo. Ukiandika "mwanafunzi wetu hakugusa" huku mpinzani akiandika "aligusa", kamati ina maneno mawili ya watoto wawili na uamuzi wa mtu mzima mmoja. Kama huna shahidi asiye wa upande wowote, kwa mfano mchezaji wa shule ya tatu aliyekuwa ubao wa jirani, barua hiyo ina nafasi ndogo.

Aina ya pili inashindika, kwa sababu kamati haihitaji kumwamini mtu yeyote. Inahitaji kusoma kifungu na kutazama ubao. Mfano wetu ni wa aina hii. Kwa hiyo barua yake inapaswa kukubali wazi kwamba farasi aliguswa. Waandishi wengi huogopa kukubali jambo hilo, wakidhani wanajidhoofisha. Kinyume chake ndicho kweli. Ukikubali lililo kweli, msomaji wa barua anabaki na swali moja tu la kujibu, na swali hilo jibu lake liko kwenye kitabu.

Kosa kubwa ni kuchanganya aina zote mbili. Barua inayosema "hakugusa, na hata kama aligusa ilikuwa bahati mbaya, na hata kama alikusudia farasi hakuwa na hatua" inamfanya msomaji aache kuamini hata sehemu iliyo sahihi.

Barua yenyewe

Hivi ndivyo barua ya mfano wetu inavyoweza kusomeka:

> Kwa Mwamuzi Mkuu,
> Mashindano ya Chesi ya Shule, Lingeka.
>
> YAH: RUFAA DHIDI YA UAMUZI, RAUNDI YA TATU, UBAO NAMBA 4
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Tunaomba uamuzi uliotolewa leo katika ubao namba 4 upitiwe upya. Mchezaji wetu alikuwa na kete nyeupe.
>
> Yaliyotokea ni haya. Weusi walimsogeza askofu kutoka e7 hadi c5 na kumweka mfalme mweupe cheki. Mchezaji wetu hakuiona cheki, akamshika farasi wa b1 na kumwinua. Mpinzani alilalamika papo hapo, kabla ya hatua nyingine yoyote. Tunakubali kwamba farasi aliguswa kwa nia ya kuchezwa, na kwamba lalamiko la mpinzani lilitolewa kwa wakati.
>
> Hali ya ubao wakati huo, kama ilivyoandikwa na mwamuzi wa ubao, tumeiambatanisha. Saa zilisomeka dakika 9 kwa weupe na dakika 11 kwa weusi.
>
> Mwamuzi aliamua kwamba, kwa kuwa farasi hakuweza kuondoa cheki, mchezaji wetu lazima amchezeshe mfalme. Mchezaji wetu alieleza kwamba atakata rufaa, kisha akatii na kumpeleka mfalme f1.
>
> Hoja yetu ni moja. Farasi wa b1 hakuwa na hatua halali, maana a3, c3 na d2 zote zingemwacha mfalme kwenye cheki. Kifungu cha 4.5 cha Kanuni za Chesi za FIDE kinasema kwamba ikiwa hakuna kete iliyoguswa inayoweza kuchezwa, mchezaji anaweza kufanya hatua yoyote halali. Mfalme hakuguswa, hivyo hakukuwa na sababu ya kumlazimisha. Hatua ya askari kutoka d3 hadi d4 ilikuwa halali na ilikuwa ndiyo pekee isiyopoteza ngome.
>
> Tunaomba mchezo urudiwe kuanzia hali ya ubao iliyoambatanishwa, zamu ikiwa ya weupe, kwa muda uliosomeka kwenye saa. Ikiwa ratiba hairuhusu, tunaomba kamati iamue matokeo kwa kuzingatia hoja hii.
>
> Hatuna lalamiko lolote dhidi ya mchezaji wa weusi, ambaye alifuata taratibu. Mwamuzi naye alitusikiliza kwa utulivu.
>
> Wako katika michezo,
> Mchezaji, weupe
> Mwalimu wa timu

Kwa nini imeandikwa hivyo

Msomaji ataona kwamba barua haina neno "dhuluma", "upendeleo" wala "tumeonewa". Maneno hayo yanazungumzia moyo wa mwamuzi, na hakuna anayeweza kuuthibitisha. Barua inazungumzia mkono, kete na mraba. Kamati ikiwa na ubao mezani inaweza kupanga kete kama zilivyoandikwa na kujionea yenyewe kwamba farasi hana pa kwenda.

Aya ya matukio imepangwa kwa mfuatano wa wakati, na kila sentensi ina tendo moja. Maneno "papo hapo, kabla ya hatua nyingine yoyote" yamewekwa kwa makusudi, ingawa yanamsaidia mpinzani. Kamati ingeuliza swali hilo kwa vyovyote. Kulijibu mapema kunaonyesha kwamba mwandishi hafichi kitu.

Ombi nalo limewekwa wazi. Barua nyingi za shule huishia na "tunaomba haki itendeke", na kamati inabaki haijui inaombwa kufanya nini. Hapa kuna ombi la kwanza, na lingine la akiba iwapo la kwanza haliwezekani. Sahihi ya mchezaji inatangulia ya mwalimu, kwa kuwa mwenye haki ya kukata rufaa ni mchezaji. Mwalimu anaunga mkono.

Sentensi kuhusu mpinzani na mwamuzi si mapambo. Mwamuzi ndiye wa kwanza kuisoma barua, na mara nyingi anaweza kurekebisha jambo kabla halijafika kwenye kamati. Mtu anayeonyeshwa kifungu hukisoma. Anayetukanwa hutafuta sababu za kujitetea.

Mipaka ya rufaa

Kanuni za FIDE zinampa mchezaji haki ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wowote wa mwamuzi, hata kama ameshasaini karatasi ya matokeo, isipokuwa kanuni za mashindano husika ziwe zimesema vingine. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Mashindano mengi huweka muda wa mwisho wa kuwasilisha rufaa, na mengine huweka ada inayorudishwa rufaa ikikubaliwa. Kwa hiyo mwalimu aulize mambo hayo asubuhi, kwenye kikao cha ufunguzi, kabla hajayahitaji: rufaa inapelekwa kwa nani, ndani ya muda gani, na nani wanakaa kwenye kamati.

Hata barua iliyo sahihi inaweza isirudishe pointi. Ikiwa raundi ya nne imeshapangwa kwa kufuata matokeo ya raundi ya tatu, kuurudia mchezo mmoja kunavuruga ratiba ya wachezaji wengine wote, na kamati inaweza kukubali hoja lakini ikaacha matokeo yalivyo. Ndiyo maana rufaa ya saa kumi na moja jioni, baada ya zawadi kutolewa, ina thamani ndogo kuliko ile iliyowasilishwa mara tu wachezaji walipoinuka ubaoni.

Lakini hata katika hali hiyo barua huwa imefanya kazi. Mwamuzi aliyeonyeshwa kifungu cha 4.5 mara moja hatakisahau kwenye raundi ya nne. Na mwanafunzi aliyeshika farasi bila kuiona cheki atakuwa amejifunza mambo mawili: atazame ubao mzima kabla ya kunyoosha mkono, na mkono ukishatangulia, bado aulize kama kete aliyoishika ina pa kwenda.